Dola 700 za mpwa wangu: kwa nini karti grafiki ilikula sehemu kubwa

Wasomaji wetu, na nyinyi mnaotusikiliza kila jioni, tangu nilipogusia redioni habari ya vijana wanaofungua vyumba vya michezo ya kompyuta hapa Butembo, simu zimekuwa nyingi. Wengi wanauliza jambo moja: mtu mwenye pesa kidogo anunue masini gani? Nitajibu kwa hesabu ya nyumbani kwangu, maana hiyo ndiyo ninayoijua vizuri kuliko nyingine.

Dada yangu na watoto wake walikimbia Kanyabayonga mwaka 2024, wako kwangu hadi leo. Ng'ombe wa mwisho aliuzwa, na baada ya madeni kulipwa zikabaki dola 700. Mtoto wake mkubwa ana miaka 22. Wazo lake ni kompyuta moja: mchana apige maandishi ya watu kama sekreteria, jioni watoto wa mtaa walipe kucheza. Mama yake alikubali kwa shingo upande. Akaniambia, «Kaka, wewe umezoea masini za redio, simamia hizi pesa zisipotee.»

Hatari ya kwanza ilikuwa katika duka la pili tulilotembelea. Muuzaji alitutolea kompyuta ya ofisi iliyotumika, yenye kibandiko cha i7 mbele, akataka dola 420. Mpwa wangu macho yakamng'aa. Kwa vijana wetu i7 ni kama cheo cha jenerali. Nikaomba masini iwashwe tuone jina kamili, ikatokea Core i7-3770. Hiyo ni prosesa ya mwaka 2012. Ina viini 4 na njia 8 za kazi. Mwaka 2022 kampuni hiyo hiyo ilitoa Core i3-12100F, nayo ina viini 4 na njia 8, lakini inaiacha ile i7 mbali sana, maana kila kiini kinafanya kazi nyingi zaidi kwa muda ule ule. Kwa hiyo herufi na namba ya kwanza hazitoshi. Namba ndefu inayofuata ndiyo inayosema umri. Na ndani ya masini ile hakukuwa na karti grafiki yoyote. Kwa michezo, dola 420 zingenunua kibandiko.

Sasa nieleze kazi yenyewe inavyogawanywa, maana bila hiyo mtu hawezi kupanga pesa. Mchezo ukiwa unaendelea, prosesa ndiyo inayoamua mambo: mpira uko wapi, mchezaji anakimbilia upande gani, gari limegonga nini. Ikimaliza kuamua, inaiamuru karti grafiki ichore. Karti inachora picha nzima, kisha prosesa inaamua tena, karti inachora tena. Hayo yanatokea makumi ya mara kila sekunde. Skrini ya kawaida ya 1920 × 1080 ina vitone zaidi ya milioni 2, na karti inapaswa kuvipa rangi vyote katika kila picha. Ukiongeza kivuli, maji yanayomeremeta, majani ya miti, kazi ya karti inapanda sana, lakini ya prosesa inapanda kidogo tu, kwa sababu mpira bado ni ule ule mmoja na wachezaji ni wale wale 22.

Kwa hiyo hesabu tuliianzia kwenye skrini. Skrini za kutumika tunazopata hapa nyingi zinaonyesha picha 60 kwa sekunde, zingine 75. Prosesa yenye uwezo wa kutayarisha picha 200 haitaonyesha 200 kwenye skrini ya 60, ziada hiyo inapotea. Inatosha tupate prosesa inayoweza kutayarisha 80 au 100 bila kuyumba, kisha pesa inayobaki tuipeleke kwa karti, ili kila moja ya hizo picha 60 iwe nzuri. Hiyo ndiyo sababu nzima ya kuweka karti kubwa karibu na prosesa ya kiasi. Mtu mwenye skrini ya picha 144 au 240 ana hesabu nyingine, na hesabu yangu haimfai.

Fundi mmoja wa mtaani, ambaye vitu vyake vinatoka Dubai na Kampala na kupita Kasindi, alitupa bei za kufikishwa hapa mjini. Karti ni Radeon RX 6600 yenye gigabaiti 8, dola 230. Prosesa ni Ryzen 5 5500, viini 6 na njia 12, dola 90. Karti-meri, yaani ule ubao mkubwa ambao vyote vinachomekwa juu yake, dola 75. Memori gigabaiti 16, dola 40. Diski ya haraka ya gigabaiti 500, dola 40. Alimantasio, yaani sanduku linalogawa umeme ndani ya masini, dola 55. Boksi la chuma 35. Hapo ni dola 565. Skrini ya kutumika 60, klaviye na panya 20, onduleri ndogo ya kushikilia umeme ukikatika 55. Jumla 700, hata dola moja ya kununua soda haikubaki.

Mtazame ile karti: peke yake inapita prosesa, karti-meri na memori zikijumlishwa, maana hizo tatu ni 205. Dada yangu alipoona karatasi alishtuka. «Kitu kimoja tu dola 230?» Nikamwuliza mpwa wangu amweleze mwenyewe. Akamwambia mama yake kwamba prosesa ni mpishi anayeagiza na karti ni wale wanaosonga ugali wa watu wote, na wageni wakiongezeka anayechoka ni msongaji. Sikuongeza neno.

Mpwa wangu alikuwa na pendekezo lake pia. Alitaka tushuke zaidi kwenye prosesa, tuchukue ile ya kutumika ya dola 40, halafu tupandishe karti hadi dola 280. Hapo nilikataa, na naona vijana wengi wanakwama hapo hapo. Prosesa ya kiasi si prosesa iliyochoka. Karti haiwezi kuchora picha ambayo haijaagizwa. Prosesa ikiweza kuagiza 45 kwa sekunde, hata ukiweka karti ya dola 1000 utaona 45, na zitakuja kwa kuruka: laini, laini, kisha inakwama kidogo, kisha laini tena. Mchezaji anayelipa pesa yake haelewi namba, lakini kule kukwama anakuona.

Ili asidhani ninamnyima tu, tulienda kwa yule fundi. Alikuwa na RX 6600 ya mteja mwingine. Akaichomeka kwanza kwenye masini yake yenye i7-3770, prosesa ile ile ya dukani, na kuwasha Cyberpunk 2077, mchezo mzito, akamsimamisha mtu wake sokoni penye watu wengi. Akabonyeza `Ctrl+Shift+O`, ambayo kwa karti za Radeon huonyesha namba pembeni ya skrini. Picha zilikuwa 45 hivi, na karti ilikuwa inafanya kazi asilimia 60 tu. Kisha akapunguza skrini kutoka 1920 × 1080 hadi 1280 × 720. Hapo karti inabaki na vitone chini ya nusu ya vile vya kwanza, na kama yenyewe ndiyo ilikuwa inachelewesha, picha zingeruka juu. Zilibaki 45. Karti ilikuwa imekaa inasubiri kuagizwa.

Halafu akaihamishia kwenye masini yenye Ryzen 5 5500, mchezo ule ule, soko lile lile, 1920 × 1080. Picha zikafika 60 na kidogo, karti ikasimama asilimia 98. Akapunguza skrini kama mwanzo, picha zikapanda. Hapo mpwa wangu aliacha kubishana.

Jaribio hilo kila mtu anaweza kulifanya, halina gharama. Karti ikiwa asilimia 95 kwenda juu, pesa yako inafanya kazi. Ikiwa 60 au 70 na picha bado ni chache, na kupunguza skrini hakubadili kitu, prosesa ndiyo inayochelewesha. Lakini msidanganywe na asilimia ya prosesa yenyewe. Inaweza kuandika 40 na bado imeshindwa, kwa sababu ile ni wastani wa njia zote 12, na mchezo mwingi huegemea njia moja au mbili. Zile mbili zimejaa, zingine zimelala, wastani unaonekana mzuri. Tazameni karti, ndiyo shahidi wa kweli.

Kuna mahali ambapo prosesa ya kiasi inasumbuliwa zaidi na vitu vidogo vinavyoizunguka, na cha kwanza ni memori. Ryzen 5 5500 ina hifadhi ndogo ya ndani, megabaiti 16, wakati ndugu yake Ryzen 5 5600 ina 32. Kwa hiyo inakimbilia memori mara kwa mara, na memori ikiwa ya polepole inaumia. Gigabaiti 16 zinunuliwe vipande viwili vya 8, si kipande kimoja cha 16, ili njia mbili zifanye kazi pamoja. Baada ya kufunga, mtu aingie BIOS awashe XMP au DOCP, kufuatana na jina ambalo karti-meri yake imelipa. Memori iliyoandikwa 3200 hukimbia 2133, 2400 au 2666 usipofanya hivyo. Kwenye Windows, fungua Task Manager, sehemu ya memori, soma namba iliyo mbele ya Speed. Masini nyingi zimekaa miaka na namba ile ya chini, na mwenyewe anailaumu karti.

Jambo la pili ni upana wa njia kati ya karti na karti-meri. 5500 inatumia njia ya kizazi cha 3, hata ukiiweka kwenye karti-meri ya kizazi cha 4. RX 6600 ina mistari 8, na kwa gigabaiti 8 za memori yake hasara ni ndogo, huwezi kuiona ukicheza. Lakini madukani kuna karti nyingine ya bei nafuu inayovutia, RX 6500 XT. Hiyo ina mistari 4 tu, na nyingi zina gigabaiti 4. Memori yake ikijaa inalazimika kupitisha vitu kwenye mlango huo mwembamba, na kwa prosesa kama yetu mlango unakuwa mwembamba mara mbili. Kwa 5500, ile karti mniachie hapo hapo dukani, hata bei ikishushwa.

Nieleze pia sababu ya kuchagua 5500 na si ile i3-12100F niliyoisifu, maana i3 ingefaa vizuri. Mchana masini hii itakuwa sekreteria, mtu anaandika huku nyimbo zinanakiliwa kwenye funguo za USB, na viini 6 vinasaidia. Tena karti-meri yake inakubali prosesa kubwa zaidi za familia ile ile. Siku pesa ikipatikana, tunatoa 5500 tunaweka Ryzen 7 5700X mahali pale pale, bila kugusa kitu kingine. Ila karti-meri za zamani zinahitaji BIOS mpya ndipo ziitambue 5500. Bila hiyo unawasha, feni zinazunguka, skrini nyeusi. Tulimwambia fundi alete yenye kibandiko cha Ryzen 5000 kwenye boksi, au aipandishe yeye kabla ya kutukabidhi. Na mjue kwamba 5500 haina grafiki yake ya ndani, sawa na i3 yenye herufi F mwishoni. Karti ikifa, hakuna picha kabisa, hata ya kuandika barua. Kwa sekreteria hilo ni tatizo, na tunalikubali tukijua.

Umeme sasa. Hapa kwetu huwezi kupanga masini bila kupanga kuran. RX 6600 inakula wati 132 ikijaa, prosesa imeandikwa 65, vingine vyote pamoja na skrini haviongezi sana. Ukijumlisha uko chini ya wati 300 katikati ya mchezo mzito. Jenereta ndogo ya kilowati 1 inabeba bila kulia, na onduleri ndogo inashikilia dakika chache, zinatosha kuzima vizuri. Hiyo nayo ilitufanya tuchague karti hii na si zile za zamani za bei ya chini zinazokula wati 180 au zaidi. Mwenye jenereta anailipia karti mara ya pili kwa lita za mafuta.

Kwenye alimantasio ndipo wauzaji wanapotudanganya zaidi. Boksi limeandikwa 600 kwa herufi kubwa, bei dola 18. Msisome herufi kubwa. Geuzeni, tafuteni jedwali, mstari wa volti 12, maana karti na prosesa zote zinakunywa hapo. Tulishika moja iliyoandikwa 600, kwenye mstari huo ilikuwa amperi 20. Zidisha 12 mara 20, ni wati 240. Hiyo ndiyo alimantasio yenyewe, mengine ni maneno. Nzuri ya 500 inakuwa na amperi karibu 40 kwenye mstari ule. Tazameni pia kama inakubali volti 100 hadi 240, ili kuran ikishuka jioni masini isizime, na kama ina kichwa cha pini 8 cha karti. Zile kompyuta za ofisi mara nyingi hazina kichwa hicho, na alimantasio yake iko chini ya wati 300 na ina umbo lake peke yake. Ndiyo maana hata kuinunua ile ya dola 420 na kuongeza karti kusingekuwa rahisi kama muuzaji alivyosema.

Kuna watu ambao nitawaambia wasinifuate. Kama watoto wa mtaa wako wanataka mpira tu, PES ya zamani na hakuna kingine, karti ya dola 230 ni nyingi mno. PlayStation 4 ya kutumika na manette mbili inamaliza kazi. Na kama kijana wako anapenda Counter-Strike 2 au michezo ya kuongoza majeshi na miji mikubwa, hiyo inamlemea zaidi prosesa. Hapo punguza kwenye karti, panda hadi 5600 au zaidi. Sisi tulitazama kile watoto wanachoulizia kwa majirani: magari, mapigano, GTA, na mpira. Karti inashinda katika mengi ya hayo. Diski ya gigabaiti 500 itabana, maana mchezo mmoja mkubwa siku hizi unakula karibu 100 au zaidi. Itabeba michezo mitatu au minne pamoja na Windows, mingine tutasubiri.

Pesa tulilipa nusu, dola 350, na fundi alirudisha noti mbili kwa sababu ya mpasuko mdogo pembeni, mnajua wenyewe habari za dola zetu hapa. Nusu nyingine anaipata mzigo ukifika. Na kabla ya kuitoa tumekubaliana naye, mbele ya dada yangu, kwamba karti itawashwa kwanza. Tutafungua GPU-Z, programu ndogo ya bure. Mahali pa Shaders panapaswa kusomeka 1792, memori megabaiti 8192 za GDDR6, upana biti 128. Namba zikiwa pungufu, si RX 6600. Kisha mchezo mzito kwa nusu saa bila kuzimwa, tukitazama kama kuna vitone vya rangi vya ajabu kwenye skrini au masini kujizima, maana karti iliyochoka huonyesha ugonjwa ikishapata joto, si dakika ya kwanza. Mpwa wangu ameziandika namba hizo tatu ndani ya jalada la daftari lake. Dada yangu ameziandika pia, kwenye karatasi yake, kwa sababu anasema ng'ombe alikuwa wake.